Karatasi ya Nesi Inasomwaje? Leseni, Wodi na Hesabu ya Wagonjwa



Katika kila darasa la sayansi hukosi wawili watatu wanaosema, "Mimi nikimaliza nataka kuwa nesi." Ukiwauliza watafikaje huko, watakutajia Bayolojia, Kemia na Fizikia, halafu chuo. Hapo hawajakosea. Lakini kati ya chuo na wodi kuna karatasi mbili au tatu ambazo hakuna anayewafundisha kuzisoma. Ni ile orodha ya mambo uliyosoma na uliyofanya, ambayo muuguzi huiambatisha anapoomba kazi. Kwenye matangazo ya kazi za serikali inaitwa "maelezo binafsi". Wengine wanaiita wasifu, na mitaani utasikia "sivii".

Unaweza kujiuliza, mimi niko kidato cha pili au cha tatu, karatasi ya kuombea kazi inanihusu nini? Inakuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu moja ya karatasi hiyo unaiandika sasa hivi, hapo hapo shuleni kwako, pengine bila kujua. Tutafika huko. Pili, ukishajua karatasi hii inavyosomwa, utajua hasa muuguzi anafanya kazi gani, na hapo utaamua vizuri zaidi kama unaitaka kazi hiyo au la.

Leo basi tuichukue karatasi moja tu ya mfano. Ni ya mhitimu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga hapa Tanzania, aliyesoma miaka mitatu na sasa anaomba kazi kwenye hospitali ya wilaya. Tutamwita "mhitimu wetu".

NANI ANAISOMA, NA ANATAFUTA NINI?

Karatasi ya muuguzi husomwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtu wa ofisini. Yeye anaangalia kama vyeti vimetimia. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anuani, namba za simu zinazopatikana na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Yanataka pia vyeti vyenyewe. Hati ya matokeo ya kidato cha nne, ile karatasi ya muda mnayopewa kabla ya cheti, haikubaliwi. Asiyetimiza haya anawekwa pembeni hata kama ni hodari namna gani.

Msomaji wa pili ni muuguzi mwenzako, tena mkongwe. Anaweza kuwa metroni au msimamizi wa wodi. Huyu hasomi kama yule wa ofisini. Kichwani mwake kuna swali moja tu: "Nikimpanga huyu zamu ya usiku, kuna kazi gani ataifanya bila kushikwa mkono, na kuna kazi gani lazima awe na mtu pembeni yake?" Usiku wauguzi huwa wachache kuliko mchana. Mahali pengi wako wawili kwa wodi nzima, pengine mmoja. Kwa hiyo jibu la swali hilo si la kupamba karatasi. Linaamua nani atakuwa pembeni ya mgonjwa saa nane za usiku.

Ndiyo maana maneno kama "mchapakazi", "najituma" na "napenda kufanya kazi na watu" hayamsaidii msomaji huyu. Kila mtu anayaandika. Anachotafuta ni vitu vinne: leseni, wodi ulizopita, idadi ya wagonjwa uliowashika, na mafunzo uliyoyapata baada ya chuo. Tuvichukue kimoja kimoja.

CHETI, USAJILI NA LESENI SI KITU KIMOJA

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Cheti kinatoka chuoni. Kinasema umesoma na umefaulu. Lakini chuo hakina mamlaka ya kukuruhusu uguse mgonjwa. Ruhusa hiyo, kwa Tanzania Bara, inatoka kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na Zanzibar wana baraza lao. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ndiyo inayolipa Baraza la Bara kazi ya kuwasajili wauguzi na wakunga na kuwapa leseni.

Usajili maana yake jina lako limeingizwa kwenye daftari la Baraza, nawe umepewa namba yako. Leseni ni jambo jingine. Ni ruhusa ya kufanya kazi katika kipindi fulani, nayo ina tarehe ya mwisho. Kipindi kikiisha, unaihuisha. Mfano rahisi ni wa dereva. Mtu anaweza kuwa alifuzu udereva zamani kabisa, lakini kama leseni yake imekwisha muda wake, trafiki hamwachii.

Sasa angalia tofauti ya mistari hii miwili. Wa kwanza: "Muuguzi mwenye leseni." Wa pili: "Muuguzi na mkunga aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, namba ya usajili (unaiandika), leseni ya kufanya kazi hai hadi (unaandika tarehe)." Mstari wa kwanza unamlazimisha msomaji akuulize. Wa pili unamwezesha kuhakikisha mwenyewe, maana namba hiyo inaweza kulinganishwa na daftari la Baraza. Na mstari huo unakaa juu kabisa, chini ya jina. Leseni ikiwa imekwisha muda, yote yaliyo chini yake hayana pa kusimama.

Kuna kosa jingine hapa. Kuna mhitimu anayesubiri mtihani wa Baraza au matokeo yake, naye anaandika "nimesajiliwa" kwa kuwa anajua hatimaye atasajiliwa. Hilo ni kosa kubwa. Aandike ukweli: "Nimehitimu, nasubiri matokeo ya mtihani wa Baraza." Kusubiri hakumwaibishi mtu. Ila kutoa sifa ya uongo ni kosa la kisheria, na matangazo yenyewe ya kazi yanasema wazi kwamba anayeghushi atachukuliwa hatua.

Neno moja kwa wale wanaotaka kuwa tabibu, yule anayewapima wagonjwa na kuwaandikia dawa pale zahanati. Na wewe utahitaji usajili na leseni, lakini si kwa Baraza la wauguzi. Kila fani ina baraza lake. Anayeandika baraza lisilo lake anaonyesha kwamba karatasi ameinakili kwa mwenzake.

WODI SI WODI TU

Ukiwa chuoni, nusu ya elimu yako unaipata wodini. Wanafunzi husambazwa kwa makundi: wiki kadhaa wodi hii, wiki kadhaa wodi ile. Hii ndiyo mizunguko ya mafunzo kwa vitendo. Karatasi mbovu inaandika hivi: "Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya wilaya, 2022 hadi 2024." Msimamizi wa wodi akisoma hapo hajaambiwa kitu. Ni sawa na kusema umesoma sekondari bila kutaja masomo.

Kwa nini wodi itajwe? Kwa sababu kila wodi ina kazi zake na hatari zake.

Wodi ya magonjwa ya ndani ni ya watu wenye presha, kisukari, nimonia, kifua kikuu na mengineyo. Humo utajua kupima, kugawa dawa nyingi kwa saa zake, na kugundua mapema kwamba mgonjwa anabadilika. Wodi ya upasuaji utajifunza vidonda, mirija ya kutolea majimaji mwilini, na kumwandaa mtu kabla ya kwenda chumba cha upasuaji na kumpokea anaporudi. Wodi ya watoto kila dozi inahesabiwa kwa kilo za mtoto, kwa hiyo kukosea nukta moja ya desimali ni kumpa mtoto dawa mara kumi. Leba ni dunia nyingine kabisa: wagonjwa wawili kwa wakati mmoja, mama na mtoto, na mambo yanaweza kugeuka ndani ya dakika chache.

Mtu aliyekaa wiki nyingi wodi ya upasuaji hajawa tayari kwa leba, na aliyebobea leba hajawa tayari kwa watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo mhitimu wetu anaandika kila wodi peke yake, na wiki zake:

"Wodi ya upasuaji wanaume, wiki 6. Leba na wodi ya wazazi, wiki 8. Wodi ya watoto, wiki 4. Kliniki ya mama na mtoto, wiki 4."

Ataje pia ngazi ya kituo. Leba ya kituo cha afya na leba ya hospitali ya rufaa ya mkoa hazifanani. Kwenye kituo cha afya unaweza kuwa umejifunza kugundua hatari mapema na kumpa mama rufaa. Kwenye hospitali ya rufaa unapokea wale walioletwa hali ikiwa tayari mbaya. Yote ni maarifa, lakini ni maarifa tofauti, na msomaji anataka kujua wewe unayo yapi.

HESABU YA WAGONJWA: USIPIGE ZIDISHI

Sasa tumefika kwenye sehemu inayowashinda wengi, hata waliofaulu Hisabati. Mhitimu wetu anataka kueleza alihudumia wagonjwa wangapi wodi ya upasuaji. Hebu tufanye naye.

Wodi ile ina vitanda 30. Asubuhi moja ya kawaida ina wagonjwa 36, yaani wengine wamelala wawili wawili au wako kwenye magodoro chini. Zamu ya asubuhi ina wauguzi 3. Ukigawa 36 kwa 3, kila muuguzi ana wagonjwa 12. Usiku wapo wauguzi 2, kwa hiyo kila mmoja ana wagonjwa 18. Huu ndio mzigo wa wodi. Umeona? Vitanda ni 30, wagonjwa ni 36, na mzigo wa mtu mmoja ni 12 au 18 kufuatana na zamu. Ni namba nne tofauti za wodi ile ile. Anayeandika "wodi ya watu 30" bila kufafanua hajaeleza lolote kuhusu yeye mwenyewe.

Na mwanafunzi je? Mwanafunzi hapewi wagonjwa 12. Mhitimu wetu alikuwa anapangiwa wagonjwa 6, akiwa chini ya muuguzi anayemsimamia. Basi namba yake ni 6, na si 12, na wala si 36.

Hapo anatokea mjanja mmoja anapiga hesabu hivi: wagonjwa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 6. Sita mara tano mara sita ni 180. Anaandika "Nimehudumia wagonjwa 180." Je, ni kweli? Si kweli. Mgonjwa wa upasuaji halali siku moja akaondoka. Kama kila mmoja alikaa wodini wastani wa siku 5, basi wagonjwa wale wale 6 wa Jumatatu ndio wa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kwa hesabu hiyo watu wenyewe ni kama 36 tu, yaani 180 ugawe kwa 5. Zile 180 ni siku za kuhudumia, si watu. Msimamizi wa wodi anaijua hesabu hii kwa sababu kila asubuhi anajaza idadi ya waliolazwa, waliotoka na waliofariki. Akiona 180 kwa wiki sita anacheka kimoyomoyo, na kuanzia hapo haamini mistari mingine.

Namna iliyo salama ni kuandika mzigo wa zamu moja: "Nilipangiwa wagonjwa 6 kwa zamu, chini ya usimamizi, katika wodi ya vitanda 30." Inatosha. Msomaji atajua mwenyewe kilichobaki.

Na usidhani namba kubwa ndiyo nzuri siku zote. Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi anapaswa kuwa na mgonjwa mmoja au wawili tu, kwa sababu mgonjwa huyo anaangaliwa karibu muda wote: pumzi, presha, mkojo unaotoka, dawa zinazoingia kwa matone. Mtu akijisifu kwamba alikuwa na wagonjwa mahututi 10 peke yake kwa zamu moja, mkongwe atajiuliza mambo mawili. Ama hasemi kweli, ama wagonjwa wale hawakuangaliwa.

LEBA: MIKONO YA NANI?

Leba hawahesabu vitanda. Wanahesabu uzazi. Na hapo pana maneno matatu ambayo mhitimu lazima ayatenganishe: niliangalia, nilisaidia, nilizalisha.

"Niliangalia" maana yake ulisimama pembeni ukajifunza. "Nilisaidia" maana yake ulikuwa na kazi yako, kwa mfano kumpokea mtoto kutoka kwa mkunga, kumkausha na kumweka kifuani kwa mama, lakini mikono iliyomzalisha ilikuwa ya mtu mwingine. "Nilizalisha chini ya usimamizi" maana yake mikono ilikuwa yako, na mkunga mzoefu alikuwa hapo hapo tayari kukuingilia. Chuoni kila mwanafunzi ana kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, na kila kazi aliyoifanya inatiwa saini na msimamizi. Namba ya kwenye karatasi itoke kwenye kitabu hicho, isitoke kichwani.

Tuseme kitabu cha mhitimu wetu kinaonyesha alizalisha 14 chini ya usimamizi, akasaidia 9 na akaangalia 11. Jumla ni 34. Mshawasha wa kuandika "nimezalisha akina mama 34" ni mkubwa, hasa akisikia mwenzake ameandika 50. Lakini tufuate uongo huo unaelekea wapi.

Kwenye usaili, mkunga mkongwe anamwambia: "Dada, umeandika 34. Mama yuko kwenye uchungu uliokolea. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni utayasikiliza kila baada ya muda gani?" Jibu ni kila baada ya nusu saa, na unayaandika kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu. "Ukipata mapigo 96 kwa dakika je?" Ya kawaida ni kati ya 110 na 160, kwa hiyo 96 ni hatari. Unamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, kama anapewa dripu ya kuongeza uchungu unaisimamisha, unaita msaada na unasikiliza tena papo hapo. Aliyefanya kwa mikono yake anajibu bila kutafuta maneno. Aliyeangalia tu anaanza kuzunguka.

Huko ni kwenye usaili, ambako hasara ni kukosa kazi. Mbaya zaidi ni pale usaili usipomgundua. Kwa sababu ya ile 34, anapangwa leba usiku na mwenzake mmoja. Mwenzake anaingia chumba cha upasuaji na mama mwingine. Yeye anabaki peke yake, na mtoto anazaliwa halii. Namba aliyoiandika kwenye karatasi haitamsaidia hata kidogo. Angeandika 14, angepangiwa mtu wa kumsimamia kwa miezi ya mwanzo, na hakuna ambaye angemdharau, maana kila mkunga alianzia kwenye namba ndogo.

Jambo jingine: usitaje mgonjwa. Kuna anayeandika, "Nilimhudumia mke wa fulani" au anaeleza ugonjwa wa mtu kwa namna ambayo mtaa mzima utamjua. Siri ya mgonjwa haiishii mlangoni pa wodi. Andika aina ya wagonjwa na idadi, basi.

MAFUNZO BAADA YA CHUO

Dawa zinabadilika na miongozo inabadilika. Ndiyo maana muuguzi anatakiwa kuendelea kujifunza hata akiwa kazini, na Baraza linaangalia jambo hilo anapohuisha leseni. Mafunzo hayo huandikwa sehemu yake kwenye karatasi. Lakini yaandikwe vipi?

Hapa tuna somo zuri kutoka nyumbani. Mwaka 2009 yalianza kutolewa Tanzania mafunzo mafupi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kiini chake ni "dakika ya dhahabu": ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa mtoto awe amekaushwa, amechuliwa mgongo, na kama bado hapumui awe ameanza kupewa hewa kwa mfuko na barakoa. Utafiti uliofanyika katika hospitali nane nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua karibu nusu.

Lakini Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliona jambo la ajabu kidogo. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri sana kwenye mwanasesere wa kufundishia. Walipoangaliwa leba, kwa watoto wa kweli, utendaji wao ulikuwa haujabadilika. Mambo yalibadilika pale walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, mwanasesere akiwa karibu na leba. Vifo vikapungua.

Hii inatufundisha jinsi ya kusoma mstari wa mafunzo. "Nimehudhuria semina ya kumsaidia mtoto mchanga" hauambii mengi. Semina ya lini? Kama ni ya miaka minne iliyopita na hujashika ule mfuko tangu siku hiyo, mikono imesahau. Mstari mzuri una vitu vinne: jina la mafunzo, aliyeyatoa, muda wake, na mwezi na mwaka. Ukiwa umeendelea kufanya mazoezi, unaongeza: "mazoezi kwa mwanasesere kila wiki katika leba, Januari hadi Juni 2025." Huo ni mstari ambao mkunga mkongwe atausoma mara mbili.

Na usijaze kila kitu. Semina ya saa mbili kuhusu kompyuta haina haja ya kukaa pamoja na mafunzo ya dharura za uzazi. Karatasi ndefu inaficha mambo ya maana. Kwa mhitimu mpya kurasa mbili zinatosha.

KARATASI YENYEWE SASA

Tukiweka yote pamoja, sehemu ya juu ya karatasi ya mhitimu wetu inasomeka hivi:

Jina: kama lilivyo kwenye vyeti vyote.

Usajili: muuguzi na mkunga aliyesajiliwa, namba, leseni hai hadi tarehe fulani.

Elimu: Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, 2021 hadi 2024, kidato cha nne, 2020.

Wodi ya upasuaji wanaume, hospitali ya wilaya, vitanda 30, wiki 6: wagonjwa 6 kwa zamu chini ya usimamizi, kusafisha vidonda, kuweka kanula, kuandaa wagonjwa wa upasuaji.

Leba na wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya, wiki 8: nilizalisha 14 chini ya usimamizi, nilisaidia 9, niliangalia 11, kujaza patografu.

Wodi ya watoto, wiki 4: wagonjwa 4 kwa zamu chini ya usimamizi, kukokotoa dozi kwa kilo, kuhakikiwa na muuguzi wa pili.

Mafunzo: kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, siku 1, Novemba 2024, mazoezi ya kila wiki hadi Juni 2025.

Wadhamini: watatu, angalau mmoja awe aliyemwona akifanya kazi wodini.

Hakuna neno la kujisifu hapo, na bado metroni anaweza kumpanga huyu bila wasiwasi. Anajua aanzie wodi ya upasuaji, na leba aende akiwa na mtu.

NA WEWE ULIYE SHULENI?

Tulisema kuna sehemu unaiandika sasa. Ni jina lako. Angalia: jina unalosajiliwa nalo kwa mtihani wa kidato cha nne ndilo litakalotoka kwenye cheti. Chuo kitalichukua kutoka kwenye cheti hicho, na Baraza litalichukua kutoka chuoni. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, cha kidato cha nne kinasema Fatma, na chuoni ukaongeza jina la babu, kompyuta ya mwajiri inaona watu watatu. Wakati huo utalazimika kutafuta hati za kisheria za kuthibitisha jina, ambazo zina gharama na usumbufu, tena mara nyingi tangazo la kazi likiwa limebakiza siku chache.

Kwa hiyo mwalimu atakapoleta fomu za majina ya watahiniwa mkague kabla hazijatumwa, usitie alama ya kukubali haraka haraka. Leta nakala ya cheti chako cha kuzaliwa, weka pembeni ya fomu, linganisha herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wa majina matatu na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo.

Na kama uko kwenye klabu ya Msalaba Mwekundu au skauti, ukapewa mafunzo ya huduma ya kwanza, andika kwenye daftari: mafunzo gani, nani aliyatoa, saa ngapi, tarehe gani, na ulifanya nini kwa mikono yako. Kufunga bandeji uliyoifunga wewe na kufunga bandeji uliyoiona ikifungwa, uviandike mistari miwili tofauti.